Jengo la soko lina bima, je, gunia lako linayo?

Alfajiri ya Januari 16, 2022, Soko la Karume jijini Dar es Salaam liliteketea. Miezi sita kabla yake, usiku wa Julai 10, 2021, moto ulikuwa umeunguza soko kuu la Kariakoo. Kote kuwili wafanyabiashara walifika asubuhi wakakuta majivu, na maswali yaliyosikika yalikuwa yale yale: nani atatulipa, na mkopo wa benki nitaurudishaje?

Bunge halikukaa kimya. Sheria ya Fedha ya 2022 ilifanya marekebisho katika Sheria ya Bima, na masoko ya umma yakawa miongoni mwa mali ambazo ni lazima zikatiwe bima. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini sisi tunaona imezaa kutoelewana ambako kunaweza kumgharimu mfanyabiashara mdogo mtaji wake wote. Wengi wanaamini kwamba, kwa kuwa soko sasa lina bima, basi na vibanda vyao vina bima. Sivyo. Bima ya soko ni ya mwenye soko. Inalinda kuta, paa, meza za zege na mifumo ya umeme ya halmashauri au shirika linalomiliki jengo. Mchele, mitumba, dawa za mifugo na mizani ya mpangaji havimo mpaka mpangaji mwenyewe avikatie bima au viandikwe kwa jina katika hati.

Kuna kutoelewana kwa pili, na huku kunaanzia kwenye mkopo. Mfanyabiashara anapokopa hukatwa fedha kidogo zinazoitwa "bima ya mkopo", naye huondoka akiamini biashara yake imelindwa. Mara nyingi bima hiyo hulipa deni iwapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu wa kudumu. Kibanda kikiungua yeye akiwa hai, deni linabaki palepale. Kabla ya kuweka sahihi, muulize ofisa mikopo swali moja: bidhaa zangu zikiungua, bima hii inalipa? Na kama inalipa, fahamu kwamba benki iliyokopesha huandikwa kuwa wa kwanza kulipwa, na wewe hupata kinachobaki baada ya deni.

Sasa tuseme mfanyabiashara ameamua kwenda mwenyewe kwa kampuni ya bima au kwa wakala wake. Atakutana na nini?

Ataulizwa mambo manne, na yote yana sababu. La kwanza ni yeye ni nani. Atatakiwa kutoa kitambulisho, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali. La pili ni mahali. Kampuni inataka namba ya kibanda, jina la soko na karatasi inayoonyesha kwamba yeye ndiye mpangaji. La tatu ni hali ya kibanda: kuta ni za matofali, mabati au mbao? Umeme umeunganishwa na nani? Kuna anayepika jirani? Usiku kuna mlinzi? Kizimamoto kipo? La nne ni thamani ya mali iliyomo, na ushahidi wake.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na si kwa sababu kampuni zina roho mbaya. Fikiria mama anayeuza nafaka katika kizimba alichokipata kwa kununua "haki" ya mpangaji wa zamani. Stakabadhi za ushuru wa soko bado zinatoka kwa jina la yule wa zamani. Kila mtu sokoni anajua kizimba ni cha nani, lakini bima hailipi kwa kujulikana. Sheria ya bima inasimama juu ya msingi kwamba anayelipwa ni yule ambaye mali ikipotea yeye ndiye anayeumia kifedha, na aweze kuthibitisha hivyo. Stakabadhi ya jina la mtu mwingine inaubomoa msingi huo siku ya madai.

Kwa mwenye kibanda cha kando ya barabara hali ni ngumu zaidi. Kibanda chake kinaweza kuamriwa kuondoka wakati wowote, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2021 machinga walipohamishwa katika miji mingi nchini. Hati ya kawaida ya bima ya moto hailipi mali iliyobomolewa au kutaifishwa kwa amri ya mamlaka. Kampuni inapoona kwamba hatari kubwa inayomkabili mteja ndiyo ile isiyolipika, na kwamba mwezi ujao kibanda kinaweza kuwa mtaa mwingine, mara nyingi huona heri isiandike bima kabisa.

Lipo pia tatizo lisiloonekana kutoka upande wa mezani. Moto wa soko hauchagui. Vibanda mia tatu vya mbao vilivyoshikana bega kwa bega ni kibanda kimoja kikubwa mbele ya moto. Kampuni ikiandika bima ya mia mbili kati yake, inajua kwamba siku ikilipa mmoja italipa wote kwa usiku mmoja. Ndiyo maana kampuni iliyokukubalia wewe inaweza kumkatalia jirani yako wiki ijayo bila kosa lake lolote: imefikia kiasi cha juu ilichojiwekea kwa soko hilo. Tena, kumtuma mkaguzi kuangalia kibanda kimoja kunaweza kugharimu zaidi ya ada ambayo mwenye kibanda atalipa kwa mwaka mzima.

Basi akifanikiwa kupata bima, je, mambo yamekwisha? Hapana. Kosa linalowaumiza wengi zaidi hufanyika siku ya kujaza fomu, nalo ni kuandika thamani ndogo ili ada iwe ndogo. Tuchukue mfano tuupige hesabu.

Mama wetu wa nafaka, tuseme sasa ana karatasi zake zote, anakata bima ya moto ya bidhaa za Sh5 milioni. Tuchukulie ada ni asilimia moja kwa mwaka. Kiwango hicho ni cha kurahisishia hesabu tu, kwani cha kweli hutegemea kibanda kimejengwa kwa nini na kampuni imeonaje, na juu yake huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa hesabu yetu analipa Sh50,000 kabla ya kodi.

Moto unatokea tarehe 18 ya mwezi. Unazimwa mapema na nusu ya mali inaokoka. Mkadiria hasara anafika na kuuliza: usiku ule kulikuwa na mali ya kiasi gani? Mama anafungua daftari ambalo, kwa bahati, hulilaza nyumbani. Tarehe mosi alihesabu mali akapata Sh7.2 milioni kwa bei ya kununulia. Kuanzia hapo alinunua mzigo wa Sh5.4 milioni, na stakabadhi zipo. Mauzo yake yalikuwa Sh6.24 milioni. Kwa kuwa huongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia, mali iliyotoka kwa mauzo hayo ilimgharimu Sh5.2 milioni. Hesabu ni Sh7.2 milioni, ongeza 5.4, toa 5.2. Usiku wa moto kulikuwa na mali ya Sh7.4 milioni. Nusu imeungua, yaani Sh3.7 milioni.

Mama anatarajia kulipwa Sh3.7 milioni, maana bima yake ni ya milioni tano na hasara haijafika huko. Mkadiria anatikisa kichwa. Katika hati ya bima ya moto kuna sharti linalosema kwamba, ikiwa mali ilikuwa na thamani kubwa kuliko iliyokatiwa bima, mwenye mali anahesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa sehemu iliyobaki, na hasara inagawanywa kwa uwiano huo. Alikata bima ya tano katika 7.4. Kwa hiyo anapata tano katika 7.4 ya hasara ya Sh3.7 milioni, ambayo ni Sh2.5 milioni. Kisha hati inasema asilimia kumi ya kila dai anaibeba mwenye bima. Toa Sh250,000. Anaondoka na Sh2.25 milioni.

Lau angekata bima ya Sh8 milioni, ada ingekuwa Sh80,000. Sharti la uwiano lisingemgusa, kwa kuwa bima ingekuwa kubwa kuliko mali. Angelipwa Sh3.7 milioni kasoro asilimia kumi, yaani Sh3.33 milioni. Kwa kuokoa Sh30,000 za ada alipoteza Sh1.08 milioni za fidia.

Tunawaomba wasomaji waone mambo mawili katika hesabu hiyo. Kwanza, thamani ya kuandika ni ile ya siku kibanda kinapojaa kuliko siku zote. Kwa muuza mchele na maharage siku hizo ni za kuelekea Ramadhani na Krismasi, na kwa muuza pembejeo ni kabla ya mvua za kupandia. Kama mzigo unapanda na kushuka sana, uliza kama unaweza kuongeza kiasi cha bima kwa miezi hiyo kwa kulipa nyongeza, lakini ulipe kabla mzigo haujaingia, kwa kuwa hapa nchini bima isiyolipiwa ada haijaanza. Pili, thamani hiyo ni ya bei ya kununulia pamoja na usafiri. Faida ambayo ungeipata kesho haimo katika bima ya moto ya bidhaa.

Na bila daftari? Mkadiria hana njia nyingine ila kuhesabu kinachoonekana na stakabadhi zilizopo. Majivu ya gunia la mchele na majivu ya gunia la pumba hayana tofauti. Ndiyo maana baadhi ya hati hudai vitabu vya hesabu viwekwe mahali pengine baada ya kufunga, au katika kasha lisiloungua. Daftari lililoungua pamoja na duka halikusaidii kitu. Mwenye simu ya kamera ana njia nyepesi: kila jioni apige picha ukurasa wa siku hiyo, na kila mwisho wa juma apige picha rafu na magunia, kisha amtumie mtu wa nyumbani. Picha yenye tarehe iliyotumwa kabla ya moto ni shahidi mzuri.

Kuna mali ambazo hati ya kawaida huziacha nje, na mwenye kibanda anapaswa kuzijua kabla, si baada. Fedha taslimu ni ya kwanza. Wanaolaza mauzo ya siku chini ya meza wajue kwamba noti zikiungua hazilipwi. Ya pili ni mali inayoporwa wakati moto unawaka au baada yake. Kila aliyeshuhudia moto wa soko anajua kwamba vijana wanaokuja "kuokoa" si wote waokoaji, lakini hati nyingi za moto hazilipi wizi huo. Wizi hukatiwa bima nyingine, nayo hutaka kuonekana alama za kuvunja: kufuli lililokatwa au bati lililong'olewa. Mali iliyochukuliwa mchana mbele ya kaunta haina alama. Ya tatu ni mafuriko na upepo mkali, ambavyo lazima viongezwe kwa jina.

Ya nne inawahusu moja kwa moja wakulima wanaosoma ukurasa huu. Mkulima anashusha magunia ya vitunguu kwa mfanyabiashara wa sokoni kwa mali kauli, akitegemea kulipwa yakiuzwa. Usiku soko linaungua. Mali ilikuwa ya nani? Hati ya kawaida huiacha nje mali ya mtu mwingine iliyohifadhiwa kwa amana au kwa kuuziwa kwa kamisheni, isipokuwa kama imetajwa. Mfanyabiashara aliyekata bima ya "bidhaa zake" anaweza kulipwa za kwake, na vitunguu vya mkulima visilipwe. Dawa yake ni sentensi moja katika fomu: bidhaa ni pamoja na zile za watu wengine zilizo chini ya dhamana yangu. Na mkulima aondoke na karatasi inayosema ameacha magunia mangapi, ya bei gani na katika kibanda namba ngapi. Hata hivyo asisahau kwamba vitunguu vikioza kwa kukosa mnunuzi, hakuna bima ya moto inayolipa kuoza.

Tukirudi kwenye swali la wanaokataliwa, sisi hatuoni njia ya kibanda kimoja kimoja kama itafika mbali. Njia yenye matumaini ni ya soko zima au mtaa mzima wa soko kukata hati moja kupitia chama cha wafanyabiashara au ushirika wao. Hati inaandikwa kwa jina la chama, na nyuma yake kunakuwa na orodha yenye namba ya kizimba, jina la mwenye mali, aina ya bidhaa na kiasi alichokatiwa. Mkaguzi anakuja mara moja kwa ajili ya wote, na ada ndogo ndogo zikiunganishwa zinakuwa kiasi ambacho kampuni inaona kinalipia kazi. Chama nacho kinapata nguvu ya kumwambia mpika chapati ahamishe jiko, jambo ambalo jirani mmoja hawezi.

Lakini hati ya pamoja ina mitego yake, na tusiifiche. Kuna inayoweka kikomo cha jumla kwa tukio moja. Kama orodha ina watu 200 wa Sh5 milioni kila mmoja, hiyo ni Sh1 bilioni. Kikomo kikiwa Sh400 milioni na soko lote likateketea, kila mmoja atapata Sh2 milioni tu. Viongozi wa chama waulize kuhusu kikomo hicho na wawatangazie wanachama. Vilevile, orodha isiyohuishwa ni hatari. Aliyehama mwezi Machi bado yumo, aliyeingia kizimbani mwake hayumo. Na mwanachama aliyempa mweka hazina ada yake hana bima mpaka fedha ifike kwenye kampuni. Adai kuona hati ya bima, na ahakikishe kupitia mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwamba hati hiyo imesajiliwa.

Halmashauri nazo zina deni hapa. Zinakusanya ushuru wa soko kila siku, lakini mara nyingi stakabadhi haina jina la mlipaji wala namba ya kizimba. Karatasi ndogo ya upangaji yenye jina, namba, tarehe ya kuanza na kumalizika, inayobadilishwa jina kihalali kizimba kinapobadilisha mtu, ingefungua mlango wa bima kwa watu wengi kuliko semina kumi. Halmashauri pia ndiyo yenye uwezo wa kufanya vibanda vikubalike: kuacha njia pana kati ya safu ili gari la zimamoto lipite, kukata umeme usiku katika safu zisizohitaji friji, na kuondoa nyaya zinazorithishwa kutoka kibanda hadi kibanda. Hayo ndiyo mambo ambayo mkaguzi wa bima huyaangalia kwanza anapofika.

Kampuni za bima nazo tunaziambia: hati ya kurasa ishirini kwa Kiingereza cha kisheria haifai kwa muuza dagaa. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaosema tunalipa nini, hatulipi nini, na sharti la uwiano linamaanisha nini kwa mfano wa hesabu. Malalamiko mengi ya "bima hawalipi" huzaliwa siku ya kuuza hati, pale wakala anapoeleza ada na kunyamazia yasiyolipwa.

Na moto ukishatokea, mwenye bima asisubiri mkutano wa hadhara. Aitaarifu kampuni siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Achukue taarifa ya polisi na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Apige picha ya kizimba chake kabla tingatinga la kusafisha halijapita, na asitupe mabaki hadi mkadiria ayaone, lakini aliyoweza kuyaokoa ayaokoe, kwa kuwa hati inamtaka apunguze hasara. Akiona amepunjwa, asiweke sahihi karatasi ya kukubali malipo ya mwisho. Apeleke shauri lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Sheria ya 2022 imelinda paa. Mtaji ulio chini ya paa bado uko mikononi mwa mwenyewe, na ulinzi wake unaanza na vitu viwili ambavyo havihitaji kampuni yoyote: karatasi yenye jina lako na namba ya kizimba, na daftari linalolala nyumbani. Asiye navyo leo, hata wakala akimfuata kizimbani na fomu mkononi, hatakuwa na cha kuandika. Tunashauri vyama vya masoko viitishe kikao kabla ya msimu wa mavuno, na ajenda ya kwanza iwe orodha ya nani yuko kizimba gani.